Barua kwa Beki wa Kushoto

Agosti 2018 Emmanuel Amunike alikuwa bado mgeni Dar es Salaam. Mnigeria huyo aliyewahi kuichezea Barcelona ndiyo kwanza amekabidhiwa Taifa Stars, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa ugenini dhidi ya Uganda, kuwania tiketi ya AFCON ya 2019. Wachezaji kadhaa wa Simba wakachelewa kuripoti kambini. Amunike akawaondoa na kuita wengine. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo John Bocco na Erasto Nyoni, watu ambao shabiki wa kawaida asingethubutu kuyafuta majina yao hata kwenye kikosi cha kubuni kijiweni. Stars ikaenda Namboole bila wao na kurudi na sare ya bila kufungana.

Machi 24, 2019, Uganda ilipokuja Dar es Salaam kwa marudiano, Stars ilishinda mabao 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Bao la pili lilikuwa la penalti. Aliyeipiga ni Erasto Nyoni.

Kuachwa kwa namna hiyo kunauma, lakini kunaeleweka haraka. Sababu ilikuwa moja, kila mtu aliijua, na mchezaji hakuhitaji kuelezwa afanye nini ili arudi: safari ijayo awahi kambini. Kocha anayeacha mtu kwa nidhamu hana kazi kubwa ya kueleza. Kazi ipo kwa yule mchezaji mwingine, anayefika mazoezini kabla ya wenzake, hagombani na mtu, anakunja koni na kukusanya mipira bila kutumwa, na Ijumaa jioni orodha inatoka jina lake halimo. Huyo ndiye anayestahili barua.

Hesabu yenyewe haina huruma. Sheria za mpira wa miguu zinaruhusu wachezaji 11 kuanza, na idadi ya akiba inapangwa na kanuni za kila shindano, kuanzia watatu hadi 15. Ligi Kuu ya England, kwa mfano, inaruhusu akiba tisa, hivyo majina 20 kwa siku. Timu iliyosajili wachezaji 27 ina watu saba ambao kila wiki watakaa jukwaani hata kama wote wako fiti. Katika timu nyingi za huku kwetu watu hao hupata habari kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, au kwa picha ya karatasi hiyo iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, ikifuatiwa na vikopa na vidole gumba vya waliomo.

Makocha wanaoandika barua ni wachache, na wengi wao huandika vibaya. Huandika maneno mazuri mno. “Wewe ni kipaji kikubwa, endelea kujituma, muda wako utafika.” Kijana akimaliza kusoma hajui kosa lake, hajui aanze na nini Jumatatu, wala hajui huo muda utafika lini. Anajua tu kwamba mwalimu anamwonea huruma, na huruma ya mwalimu ni habari mbaya kuliko hasira yake.

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya tafiti nyingi zilizopima kinachotokea mtu anapoambiwa jinsi alivyofanya kazi yake. Walikuwa na matokeo zaidi ya 600 mezani. Kwa wastani, kumweleza mtu kulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, mtu alifanya vibaya zaidi baada ya kuelezwa kuliko kabla. Tafsiri yao ni kwamba maelezo yakimwelekeza mtu kwenye kazi, anaishughulikia kazi; yakimwelekeza kwenye nafsi yake, yaani yeye ni mtu wa namna gani, ana thamani gani, mawazo yake huhama kutoka kwenye kazi na kuanza kujilinda. Sifa nazo zimo humo. Kumwambia mchezaji aliyeachwa kwamba ni kipaji kikubwa ni kumhamisha kutoka kwenye krosi iliyompita na kumweka mbele ya kioo.

Ili jambo hili lionekane vizuri, tuchukue mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya makala haya na tuufuate hadi mwisho. Ni timu ya ligi ya mkoa. Mchezaji ni beki wa kushoto mwenye miaka 22, aliyeanza michezo yote tangu msimu ufunguliwe. Timu imefungwa mabao matano katika michezo minne iliyopita, na kocha ameamua kumpumzisha.

Kabla hajashika kalamu, kocha huyo ana kazi ya upelelezi. Amerekodiwa michezo yake kwa simu iliyofungwa kwenye nguzo ya jukwaa, picha si safi lakini inatosha. Anapoangalia mabao matano anaona kwamba mawili hayamhusu kabisa beki wake: moja ni la shuti la mbali, jingine ni la kona. Matatu yaliyobaki yanafanana kama ndugu. Mpira uko upande wa kulia wa timu yake, winga wa wapinzani anapiga krosi, inavuka vichwa vya mabeki wa kati na kumkuta mshambuliaji kwenye mlingoti wa mbali. Eneo hilo ni la beki wa kushoto. Yupo karibu, hatua mbili au tatu, lakini amesimama akiutazama mpira kwa kifua chote, na mfungaji ametokea mgongoni mwake.

Sasa swali ni kwa nini. Mashabiki wameshajibu: amechoka, ana maringo, anakesha. Kocha anaangalia dakika. Mabao yalifungwa dakika ya 11, ya 38 na ya 64. Tatizo lingekuwa pumzi, yangejikusanya baada ya dakika ya 70, miguu inapoanza kuwa mizito. Anafungua daftari la vipimo. Mwezi huu timu ilifanya kipimo cha yo-yo, kile alichokibuni mwanasayansi wa Denmark Jens Bangsbo, ambapo mchezaji anakimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa kufuata mlio, anapumzika sekunde kumi, kisha mlio unaongeza kasi, hadi atakaposhindwa kufika kwa wakati. Beki wa kushoto amefika palepale alipofika mwanzoni mwa msimu. Pumzi ipo. Kilichobaki ni namna anavyosimama. Beki wa pembeni, mpira unapokuwa upande wa pili, anatakiwa asimame nusu ubavu, mgongo ukielekea goli lake, ili kwa kugeuza shingo kidogo tu auone mpira na amwone mtu wake. Huyu kijana anasimama mraba, uso kwa mpira. Anachokiona ni nusu ya uwanja.

Upelelezi huu unachukua jioni moja. Bila huo, kocha angeandika “ongeza bidii,” kijana angekwenda kukimbia ufukweni alfajiri kila siku, na baada ya mwezi angerudi na mapafu ya mwanariadha na kosa lilelile.

Baada ya hapo kocha anamwita mchezaji uso kwa uso, siku moja kabla ya orodha kutoka, anamwambia kwa kifupi, kisha anampa bahasha. Mpangilio huo una sababu yake. Mtu anayeambiwa kwamba ameachwa husikia sentensi ya kwanza, zinazofuata humpita. Maelezo ya mdomo ya dakika kumi ni ya kumtuliza kocha mwenyewe. Barua ndiyo itakayosomwa usiku, mara ya pili na ya tatu, damu ikishapoa. Nayo barua haiwezi kuchukua nafasi ya kuitwa, maana mchezaji anayepewa bahasha bila kutazamwa machoni hataamini hata neno moja lililomo.

Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi:

“Kijana wangu,

Kama nilivyokwambia leo baada ya mazoezi, hutakuwamo katika kikosi cha Jumamosi, wala kwenye benchi. Uamuzi huu ni wangu.

Katika michezo minne iliyopita tumefungwa mabao matano. Matatu yamefungwa kwenye mlingoti wa mbali, eneo lako, krosi zikitoka kulia: dakika ya 11, ya 38 na ya 64. Vipande vyote vitatu viko kwa meneja wa timu, viangalie peke yako kwanza. Utaona kila mara umeugeuzia mpira kifua chote, na mtu aliyetokea nyuma yako humwoni mpaka mpira umeshafika. Pumzi yako haina tatizo, nimeangalia vipimo. Pasi zako za kwanza kutoka nyuma bado ndizo tunazoanzia mashambulizi, na Jumamosi tutazikosa.

Kwenye benchi nimemchukua beki anayecheza kulia na kushoto, kwa kuwa nafasi za akiba ni chache na nahitaji mtu mmoja wa kufunika pande zote mbili. Hilo halitokani na kosa lako, na wiki hii huwezi kulibadilisha.

Kuanzia Jumatatu, siku tatu kwa wiki, utabaki dakika 15 baada ya mazoezi pamoja na mwalimu msaidizi. Krosi kumi kutoka kulia, winga mmoja akitokea mgongoni mwako. Kabla ya kila krosi geuza kichwa umtafute, simama ubavu, kisha uwe wa kwanza kuugusa mpira. Jana umeugusa wa kwanza mara nne kati ya kumi. Nataka saba, wiki mbili mfululizo. Jumatano ijayo tuna mchezo wa kirafiki na utaanza kipindi cha kwanza.

Tarehe 21 tutakaa dakika kumi, mimi, wewe na msaidizi. Sikuahidi kwamba utaanza mchezo unaofuata. Nakuahidi kwamba ukifikisha saba utarudi kwenye orodha ya wanaosafiri.

Kama kuna jambo nisilolijua, la nyumbani au la mwili, njoo uniambie kabla ya Jumatatu.

Mwalimu wako.”

Barua haizidi ukurasa mmoja, na haikupaswa kuzidi. Lakini karibu kila sentensi yake imebeba uamuzi ambao ungeweza kwenda vibaya.

“Uamuzi huu ni wangu” ni maneno manne tu, na makocha wengi hukimbilia badala yake kusema “benchi la ufundi limeona.” Benchi la ufundi ni mti mkubwa wa kujificha nyuma yake. Mchezaji akikosa mtu wa kumwendea, ataanza kuzunguka: atamuuliza msaidizi, msaidizi atasema mimi nilikutetea, atamuuliza meneja, meneja atasema mambo ya juu hayo. Ndani ya siku tatu kijana mmoja aliyeachwa ameshakuwa makundi mawili ndani ya timu. Mwalimu akisema ni mimi, fitina inakosa pa kuanzia.

Sababu imetajwa kwa dakika na kwa picha, nayo ni moja. Kocha aliona pia kwamba kijana huyo hurusha mipira vibaya na hupenda kubishana na waamuzi. Hakuyaandika. Mchezaji anayepewa makosa matano hana wiki mbili za kurekebisha matano. Atachagua lile rahisi, au lile linalomuuma, na mara nyingi halitakuwa lile lililomtoa kikosini. Zaidi ya hapo, makosa matano kwenye karatasi yanasomeka kama hukumu ya mtu mzima mzima, na hapo tumerudi kwa Kluger na DeNisi.

Halafu kuna aya ile ya beki wa pande mbili. Ni rahisi kuiruka, na pengine ndiyo yenye wema mkubwa kuliko zote. Wachezaji huachwa kwa sababu mbili zilizochanganyika: ile iliyo mikononi mwao na ile isiyo mikononi mwao. Idadi ya akiba, aina ya mpinzani, uwanja wenye nyasi ndefu, kadi za njano za mwenzao. Hayo yote huingia kwenye orodha na hayana uhusiano na kiwango cha mtu. Kocha akiyaficha, mchezaji atadhani kosa lake peke yake lilimtoa hata benchi, na ataliona kubwa kuliko lilivyo. Kocha akiyatanguliza na kuficha kosa, kwa sababu ndiyo njia isiyoudhi, kijana ataamini hana cha kurekebisha. Barua nzuri inayatenganisha waziwazi: hili lako, hili si lako.

Jina la aliyechukua nafasi halimo, wala hakuna ulinganisho naye. Wawili hao wanalala chumba kimoja kambini. Barua itasomwa naye pia, tusidanganyane. Itasomwa na wakala, na baba, na huenda na mwandishi wa habari ikiwa timu inapendwa. Ndiyo maana imeandikwa kwa karatasi badala ya ujumbe wa simu, unaoweza kupigwa picha na kusambaa kabla mchezaji hajamaliza kuusoma. Na ndiyo maana haina habari yoyote ya afya ya mtu, ya kwake au ya mwenzake. Kama mchezaji angekuwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi angearifiwa siku hiyohiyo, na mazungumzo ya ana kwa ana yangefanyika mahali pa wazi, mtu mzima mwingine akiwapo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni njia ya kurudi, na hapa ndipo barua nyingi zenye nia njema huharibika. Kipimo cha “saba kati ya kumi” kinaonekana kidogo, hata cha kitoto. Faida yake ni kwamba mchezaji mwenyewe anaweza kukihesabu. Hahitaji kusubiri uso wa mwalimu ubadilike. Jumatatu akipata matano anajua amepata matano. Namba yenyewe haikutoka hewani pia: kocha alimpima kwanza, akaona nne, akaweka lengo lililo juu ya hapo lakini linalofikika. Angeandika tisa, kijana angekata tamaa wiki ya kwanza. Angeandika tano, lingefikiwa Jumatano na kocha angebaki na deni kabla kosa halijapona.

Zoezi hilo lina mipaka yake na kocha anaijua. Winga wa mazoezini ni rafiki, anatokea mgongoni palepale kila mara, na baada ya siku chache beki anamkariri. Saba za mazoezini zinaweza kuwa nne za uwanjani. Kwa hiyo msaidizi anabadilisha mchezo kila wiki: mara winga anakimbilia mlingoti wa karibu, mara anasimama tu, mara wanatokea wawili. Na kwa hiyo pia mchezo wa kirafiki umo ndani ya barua. Kuna mambo ambayo hayaonekani mpaka awepo mpinzani asiyejua kwamba unapimwa.

Ahadi imepimwa kwa uangalifu. Kocha hakuahidi namba. Hawezi. Jumamosi timu inaweza kushinda 4-0 na aliyeingia akacheza kama malaika, na hakuna kocha duniani anayependa kuigusa timu iliyotoka kushinda. Alichoahidi ni kitu kilicho chini ya mamlaka yake hata timu ikishinda: kipindi kimoja cha mchezo wa kirafiki, kikao tarehe 21, na nafasi katika orodha ya wanaosafiri. Ahadi ndogo inayotimizwa humrudisha mchezaji mazoezini. Ahadi kubwa inayovunjwa humpoteza yeye na wote walioisikia, na kambini wote huisikia.

Historia ina mfano wa uamuzi sahihi usio na njia ya kurudi. Mwaka 1990 Manchester United ya Alex Ferguson ilitoka sare ya 3-3 na Crystal Palace katika fainali ya Kombe la FA. Kipa alikuwa Jim Leighton, mtu aliyekuwa na Ferguson tangu Aberdeen, na siku hiyo alikuwa na mchezo mbaya. Kwa mchezo wa marudio Ferguson alimweka nje na kumchezesha Les Sealey. United ikashinda 1-0, na hilo likawa kombe la kwanza la Ferguson Old Trafford. Ukiangalia matokeo, huwezi kumlaumu. Lakini Leighton aliichezea United mchezo mmoja tu baada ya hapo, na uhusiano wa wawili hao ukafa. Kwamba kipa huyo hakuwa amekwisha linaonekana kwa yaliyofuata: alirudi Scotland, akajijenga upya, na mwaka 1998 alisimama golini kwa timu ya taifa ya Scotland kwenye Kombe la Dunia akiwa na miaka 39.

Upande wa pili kuna England ya 2021. Juni 1 mwaka huo Gareth Southgate alipunguza kikosi chake cha Euro kutoka wachezaji 33 hadi 26. Ben White, beki aliyekuwa hajazoeleka na wengi, alikuwa miongoni mwa waliokatwa. Hata hivyo yeye na wenzake wachache walibaki kambini kusaidia katika michezo ya kirafiki. Siku chache baadaye Trent Alexander-Arnold akaumia, na White akaitwa kuziba pengo. Kipa Aaron Ramsdale, ambaye naye alikatwa, aliitwa baada ya mashindano kuanza, Dean Henderson alipoumia. Kocha hakuweza kuahidi hata mmoja wao jambo hilo. Aliyekatwa vizuri, akabaki fiti na asiwe na kinyongo, ndiye aliyekuwa wa kupigiwa simu. Makocha wanaoacha watu ovyo huwa hawafikirii siku hiyo, siku wanapohitaji kumpigia mtu waliyemwaga bila salamu.

Kurudi kwa beki wetu. Mambo yanaweza kwenda mrama kwa namna kadhaa, na kila moja ina dalili zake. Iliyo ya kawaida ni ya siku mbili: Jumatatu anafanya mazoezi kama mtu aliyewashwa moto, Jumanne vilevile, Alhamisi anaanza kuchelewa kubaki kwa zile dakika 15. Hapo ni vyema msaidizi amuulize kama amekwisha kuviona vile vipande vitatu. Mara nyingi hajaviona. Anafanya kazi kwa hasira, na hasira huisha katikati ya wiki. Dalili nyingine ni mchezaji anayekubali kila kitu. “Sawa mwalimu, nimeelewa mwalimu.” Kocha mzoefu humwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe nini kilitokea dakika ya 38. Akisema “nilizembea,” hajaelewa. Akisema “sikumwona kwa sababu nilisimama hivi,” na akasimama kuonyesha, kazi imeanza.

Kuna pia ile sentensi ya mwisho ya barua, kuhusu jambo la nyumbani au la mwili. Si ya adabu tu. Katika timu za mikoani, ambako mishahara huchelewa na wachezaji wengi wana kazi nyingine, beki aliyeacha kugeuza kichwa anaweza kuwa mtu aliyeendesha bodaboda hadi saa sita usiku. Macho yaliyochoka hutazama kitu kimoja. Kama ni hivyo, krosi kumi hazitatibu, na mpango wote unabadilika. Kocha hawezi kulijua hilo kwa kuangalia video.

Ipo hali moja ambayo barua ya namna hii haifai kuandikwa. Ni pale kocha anapojua moyoni kwamba mchezaji hatarudi: mkataba unaisha, dirisha dogo linafunguliwa, beki mpya ameshasaini. Kumwandikia mtu huyo krosi saba kati ya kumi ni udanganyifu wenye takwimu. Anachostahili ni kuambiwa mapema, wakati dirisha bado liko wazi, kwamba atafute timu, na kupewa vipande vyake vya video vizuri ili avitumie huko anakokwenda.

Tarehe 21 ikifika, hata kama timu imefungwa jana yake na kocha hana hamu ya kumwona mtu, kikao hufanyika. Msaidizi anakuja na daftari: wiki ya kwanza tano, sita, sita, wiki ya pili saba, saba, nane. Katika mchezo wa kirafiki krosi nne zilifika eneo lake, tatu alizigusa wa kwanza. Kwa barua ilivyoandikwa, saba zilitakiwa wiki mbili mfululizo, na wiki ya kwanza haikufika. Kocha mkali wa maandishi angemwongezea wiki moja zaidi. Huyu anaangalia mwelekeo, anaona namba inapanda na kichwa kinageuka, anamweka kwenye orodha ya wanaosafiri na kumwambia wazi kwamba amelegeza sharti na kwa nini. Anaandika hilo kwa kalamu chini ya nakala ya barua, mistari miwili, tarehe na sahihi.

Nakala hiyo inabaki kwa meneja wa timu. Makocha wa ligi zetu hufukuzwa kabla mvua hazijaisha, na anayekuja hukuta kijana jukwaani bila kujua alifikaje hapo wala alikuwa njiani kwenda wapi. Akikuta karatasi moja yenye dakika tatu, namba kumi na mistari miwili ya kalamu, anaweza kuendelea kuanzia pale mwenzake alipoishia.